Safu ya Makato

Katika biashara ya plastiki kuna kazi moja isiyopigwa picha. Ni kazi ya mtu anayekaa kando ya mizani na daftari mapajani, akiandika uzito wa gunia lililoletwa, kisha akiandika ni kiasi gani cha uzito huo kisihesabiwe. Wageni wakija hupiga picha rundo la chupa, wanawake waliovaa glavu, marobota yaliyopangwa hadi darini. Mimi humtazama karani. Kikundi kinachotaka faida, na papo hapo kinataka kuonyesha kwamba kimebadilisha kitu mahali kilipo, husimama au huanguka kwenye daftari lake, na hasa kwenye safu ya mwisho ambayo wengi huiacha tupu: safu ya makato.

Nachagua kulitazama jambo hili kutokea Sigowet, upande wa Kericho, kando ya barabara inayoteremka kutoka Kapsoit kuelekea Sondu, kwa sababu wanawake wa huku hawahitaji kufundishwa mizani. Wamekua nayo. Mkulima mdogo anayeuza majani ya chai kupitia KTDA hupimiwa kituoni, hukatwa uzito wa chombo, hupewa risiti, hulipwa kwa kilo kila mwezi, halafu baada ya mwaka wa chai kufungwa hupata bonasi kulingana na bei ambayo chai yake iliuzwa. Kila hatua hapo imewahi kugombaniwa na kila mtu anaijua. Mwanamke aliyesimama kwenye foleni ya kituo cha majani miaka mingi anajua kuuliza mizani imeanzia wapi, gunia limekatwa ngapi, na kwa nini risiti ya leo haifanani na ya jana. Mpango mzuri wa ushirika wa plastiki hapa haubuni mfumo mpya. Unachukua huo: malipo ya kwanza kwa kilo siku ya kupima, na bonasi mwisho wa mwaka kutoka kwenye ziada. Risiti ile ile inayomlipa mwanachama ndiyo inayojenga hesabu ya mazingira. Hakuna daftari la faida upande huu na ripoti ya wafadhili upande ule. Kilo ni moja, na hesabu zote mbili zinaanzia kwayo.

Sasa tuanze na maji. Kericho ni nchi ya mvua, na mvua yake hupenda alasiri. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu kati ya 10 na 20 hivi, kwa hiyo kilo moja ya chupa hizo ni chupa hamsini, sitini, hata zaidi. Kijiko kimoja kikubwa cha maji kina gramu 15. Maana yake ni kwamba chupa iliyookotwa mtaroni ikiwa na kijiko kimoja tu cha maji ndani yake imeongeza uzito wake maradufu, na gunia lililojaa chupa za namna hiyo linalipiwa mara mbili. Hakuna anayedanganya. Mvua imenyesha tu. Lakini mnunuzi wa mjini atakata maji hayo bila huruma, na tofauti italipwa na kikundi. Karani hodari hakatai gunia wala hagombani na mama aliyelibeba kutoka mtoni. Anamwomba afungue vifuniko vyote, azipindue chupa juu ya wavu, asubiri. Vifuniko vinaenda gunia lao. Baada ya hapo ndipo mizani inasomwa. Na kila asubuhi kabla ya kazi anaipima mizani yenyewe kwa jerikeni la lita 20 lililojazwa maji safi: kilo 20 za maji, pamoja na uzito wa jerikeni tupu ambao umeandikwa ubaoni. Muhuri wa ofisi ya vipimo ni wa sheria, lakini jerikeni ni la kila siku.

Kutoka mizani tunafika kwenye beseni. Hapa ndipo mikono inaposhangaza. Plastiki si kitu kimoja, na mnunuzi halipii mchanganyiko. Chupa za soda na maji ni za aina ya PET, namba 1 ndani ya pembetatu iliyochapwa kitakoni. Majerikeni na chupa za sabuni ni namba 2. Nailoni laini ya pakiti za maziwa ni namba 4. Vifuniko vingi, ndoo, na magunia yaliyofumwa ya mbolea ya chai ni namba 5. Namba hiyo mara nyingi imefutika au kipande kimevunjika. Basi kipande kinatupwa majini. Namba 2, 4 na 5 ni nyepesi kuliko maji, huelea. PET huzama. Mchambuzi mwenye uzoefu hahitaji hata beseni: anakibonyeza kipande kwa kidole gumba, anasikiliza kinavyolia, anaangalia mkunjo. PET ikikunjwa hutoa mlio mkavu. Namba 5 iliyo nyembamba huvumilia kukunjwa mahali pamoja mara nyingi bila kukatika, ndiyo maana bawaba za vifuniko vya kubonyeza hutengenezwa kwayo.

Adui wa beseni ni PVC, namba 3, ile ya mabomba na baadhi ya chupa za zamani. Huzama pamoja na PET na kwa macho hufanana nayo. PET huyeyushwa kwenye joto la kama nyuzi 250 na zaidi, na katika joto hilo PVC imeshaungua na kutoa asidi inayoharibu plastiki nzima na kula mashine. Vipande vichache tu vinatosha kufanya mzigo wote ukataliwe. Kwa hiyo chupa yenye shaka haipewi nafasi. Inatolewa, inaandikwa kwenye makato, na kazi inaendelea. Nimewaona wachambuzi wakiitupa chupa nzuri kwa macho yangu na kuieleza kwa neno moja tu, «bomba». Uamuzi huo ni wa sekunde moja na unalinda mzigo mzima.

Kisha kushindilia. Chupa zisizobanwa ni hewa tupu. Lori likijaa hadi juu limebeba kilo chache sana. Kutoka Sigowet hadi wanunuzi wa Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 250, na hakuna bei ya PET inayoweza kulipia kusafirisha hewa umbali huo. Mashine ya mkono ya kufunga marobota hupunguza ujazo mara kadhaa, na kwa kikundi cha mashambani ndiyo mashine ya kwanza kununuliwa, kabla ya mashine ya kusaga, kabla ya chochote cha kuyeyusha. Wanaoanza na mashine ya kusaga hugundua kwamba mnunuzi hawezi tena kuona ndani ya vipande kama kuna PVC, kwa hiyo anashusha bei au anakataa kabisa. Robota linafunguka na kukaguliwa. Vipande vilivyosagwa vinataka uaminifu ambao kikundi kipya bado hakijajijengea.

Tuingie sasa kwenye mwezi mmoja wa hesabu. Ni mwezi wa kielelezo, wa kikundi cha wanawake 20, na bei nimezichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Bei halisi hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta na mahitaji ya viwanda, na kila kikundi lazima kiweke zake.

Mizani imepokea kilo 3,000. Kati ya hizo kilo 1,200 ni chupa za PET, kilo 800 ni plastiki ngumu, kilo 700 ni nailoni laini, na kilo 300 ni vitu visivyo na mnunuzi: pakiti za vibanzi zenye ngozi ya fedha ndani, vifuko vidogo vya sabuni, vijiko, viatu vilivyochanika. Wanachama wamelipwa shilingi 10 kwa kilo ya PET, 15 kwa ngumu, 5 kwa nailoni. Jumla shilingi 27,500. Baada ya kuosha, kukausha na kuchambua, PET imepoteza sehemu ya kumi, ngumu imepoteza kidogo, na nailoni, ambayo hubeba udongo na maji kila mkunjo, imepoteza karibu theluthi. Zimebaki kilo 1,080, kilo 760 na kilo 490. Zikiuzwa kwa shilingi 22, 35 na 12 zinaleta shilingi 56,240.

Gharama nyingine ni usafiri shilingi 9,000, ujira wa kuosha na kuchambua 8,000, kodi ya stoo 4,000, glavu na magunia na kamba 2,500, na shilingi 1,500 za kupeleka kilo 300 zisizo na mnunuzi mahali panaporuhusiwa. Ukitoa yote unabaki na ziada ya shilingi 3,740. Ni ndogo. Lakini ipo, na mpango unaoonyesha ziada ndogo iliyo ya kweli nauheshimu kuliko ule unaoahidi nono kwa kusahau kodi ya stoo.

Kabla ya kuondoka hapo, karani anafanya kitu ninachokipenda sana. Anajumlisha tena uzito. Kilo 2,330 zimeuzwa, kilo 300 zimetupwa kihalali, kilo 370 zimepotea kama maji, udongo na vibandiko. Jumla 3,000. Hesabu imefunga. Mwezi ambao haifungi kuna kitu: mizani imecheza, gunia limetoka usiku, au stoo ina mzigo ambao haujaandikwa. Na mwezi ambao upotevu unashuka ghafla kutoka kilo 370 hadi 100, usishangilie kwanza. Huenda kuosha kumekuwa bora. Huenda pia maji yameuzwa, na mnunuzi atarudi nayo kwa njia ya kukata bei.

Hadi hapa tumeona biashara tu. Sasa tuulize kilichobadilika Sigowet. Jibu ambalo hujaa kwenye mabango ni rahisi: kilo 3,000 zimeokolewa. Si kweli. Hata kilo 2,330 si kweli. Swali la karani ni gumu zaidi: kati ya kilo hizi, ngapi zingechomwa nyuma ya nyumba au kusombwa na mvua hadi mto Sondu na hatimaye Ziwa Viktoria kama kikundi kisingekuwepo?

Njia ya kupata jibu si ya kitaalamu mno. Kabla kikundi hakijaanza, watu wawili wanatembea kwenye njia za vijiji vitakavyokusanywa na kuingia kila nyumba ya tano, hadi nyumba 40 hivi. Hawaulizi familia hufanya nini na taka. Kwa swali hilo kila mtu hujieleza vizuri. Wanauliza juu ya kitu cha mwisho. Jerikeni la mwisho lililotoboka lilienda wapi? Chupa ya mwisho ya soda? Pakiti ya mwisho ya maziwa? Kisha wanaomba kuona shimo la kuchomea. Shimo halisemi uongo. Zoezi hilo hilo hurudiwa baada ya mwaka, na hufanywa pia katika kijiji cha mbali ambako kikundi hakifiki, kwa sababu mambo hubadilika yenyewe. Marufuku ya mifuko ya kubebea ya tarehe 28 Agosti 2017 iliyafagia mashimo mengi ya nchi hii bila kikundi chochote kuokota hata mfuko mmoja, na ambaye angekuwa na mradi mwaka huo angeweza kujipatia sifa zote.

Tuseme majibu ya nyumba hizo yametoka hivi. Majerikeni na ndoo: robo tatu zingetumika tena au kununuliwa na watu wa vyuma kuukuu wanaopita na mikokoteni. Anayeijua nchi hii hatashangaa. Jerikeni la mafuta ya kupikia halitupwi. Linabeba maziwa, maji, dawa ya ng'ombe, na likipasuka linakatwa kuwa sahani ya kuku. Basi kati ya kilo 760 za plastiki ngumu, kilo 190 tu ndizo kikundi kinaweza kusema ni zake. Chupa za PET: theluthi moja ingetumika kubebea mafuta taa na maziwa au ingechukuliwa na wengine, theluthi mbili zingechomwa au kutupwa. Kilo 720. Nailoni: hakuna anayeitaka, tisa kati ya kumi ingeishia motoni. Kilo 441. Jumla ya mabadiliko ya kweli ya mwezi ni kilo 1,351.

Wengi wakiona tani tatu zikishuka hadi kilo 1,351 huona hasara. Mimi huona ufundi. Kilo hizo 1,351 mtu akikuuliza unaweza kumpeleka kwenye nyumba 40 na kumwonyesha mashimo. Tani tatu huwezi kuzitetea. Njia ya kupima thamani kwa jamii, ambayo leo hutoa kile ambacho kingetokea hata hivyo, ilipewa sura ya hesabu mwishoni mwa miaka ya 1990 huko San Francisco, ambako mfuko wa REDF ulitaka kujua biashara zinazoajiri watu waliokosa kazi zinaleta thamani gani kwa jamii. Imeandikiwa vitabu vinene tangu wakati huo. Lakini kiini chake ni kutoa, na mama aliyekatwa uzito wa gunia kituoni maisha yake yote anakielewa kabla hujamaliza sentensi.

Weka sasa hesabu mbili kando kwa kando, na hapa ndipo mpango unapoanza kusema jambo ambalo hakuna aliyelijua. Plastiki ngumu ndiyo inayolipa: ilinunuliwa shilingi 12,000 ikauzwa shilingi 26,600. Lakini kwa mazingira karibu haina kazi, maana ingeokoka yenyewe. Nailoni iliuzwa shilingi 5,880. Ilinunuliwa 3,500, ikala nusu ya ujira wa kuosha, yaani 4,000, na sehemu yake ya usafiri kwa uzito ni kama 1,900. Imepoteza shilingi 3,520. Lakini ni theluthi ya mabadiliko yote ya mwezi.

Mtu wa faida peke yake ataiacha nailoni kesho asubuhi, na ziada ya kikundi itakaribia maradufu. Mtu wa ripoti peke yake ataendelea kukusanya kila kitu hadi stoo ifungwe. Mpango wa kweli unaona kwamba jerikeni linailipia pakiti ya maziwa, na unaiandika bei ya tendo hilo: shilingi 3,520 kwa kilo 441, kama shilingi 8 kwa kila kilo ambayo haikuchomwa. Hiyo shilingi 8 ndiyo namba yenye thamani kuliko zote katika daftari. Wanachama wanaweza kuketi siku ya mkutano na kuamua kwa kura: tunailipa kutoka kwenye bonasi yetu, tunailipa nusu, au tunatafuta mwingine wa kuilipa. Naongeza tahadhari moja. Ile 1,900 ya usafiri haitoweki yote nailoni ikiachwa, kwa kuwa lori hukodiwa zima. Anayekata hesabu kwa haraka huona akiba ambayo haipo.

Yuko mwingine wa kuilipa? Kwa sheria, yuko. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 iliweka wajibu kwa wazalishaji juu ya vifungashio vyao hata baada ya bidhaa kuliwa, na kanuni za wajibu huo zilifuata mwaka 2024. Vyama vya wazalishaji vya kuutekeleza vimekuwepo kabla ya hapo, kama PETCO iliyoanzishwa Kenya mwaka 2018 kwa ajili ya chupa za PET. Fedha za wazalishaji huvutwa zaidi na chupa, ambayo tayari ina mnunuzi mzuri, kuliko na nailoni, ambayo bei yake hailipi gharama. Kikundi kinachoweza kuweka mezani bei ya shilingi 8 kwa kilo, pamoja na namna ilivyopatikana, kina la kuzungumza. Kinachoweka mezani picha ya rundo hakina.

Lakini kilo inaweza kuuzwa mara moja tu, hata kama ni sifa tu inayouzwa. Chama cha wazalishaji kikilipia robota na kulihesabu katika wajibu wake, kikundi hakiwezi kuichukua kilo hiyo hiyo na kuiuza tena kama hati ya plastiki kwa kampuni ya ng'ambo, halafu kuiweka katika ripoti ya mfadhili wa tatu. Ni rahisi mno kufanya hivyo bila nia mbaya, kwa kuwa kila anayeuliza hupewa namba ile ile. Dawa yake ni nyepesi: kila robota lina namba, na mbele ya namba kuna nafasi moja ya kuandika ni nani aliyepewa haki ya kulidai. Ikijazwa, imejaa.

Kuna makato mengine ambayo nadhani ndiyo magumu kuliko yote, kwa kuwa yanawahusu wanawake wenyewe. Mwezi huo wamelipwa shilingi 27,500 za kuokota na 8,000 za kuchambua. Ukigawa kwa 20 ni shilingi 1,775 kwa kila mmoja. Bango lingeandika hivyo hivyo. Karani anauliza: siku hizo ulizookota, ungekuwa wapi? Anayechuma chai ya jirani kwa kibarua cha, tuseme, shilingi 10 kwa kilo, na anachuma kilo 25, amepoteza 250 kila siku aliyookota. Kama plastiki imemchukua siku tano, aliacha shilingi 1,250, na alichoongezewa kwa kweli ni shilingi 525.

Kwa hiyo saa huandikwa kando ya kilo. Na zikiandikwa kwa mwaka mzima, zinaonyesha kitu. Majani ya chai huchumwa kwa mzunguko, shamba hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, na katika kiangazi cha Januari hadi Machi majani hupungua na vibarua hupungua. Siku za katikati ya mzunguko na miezi hiyo mikavu mwanamke haachi chochote anapookota. Miezi hiyo hiyo ndiyo jua linakausha nailoni kwa siku moja badala ya nne, upotevu unapungua, na robota linakuwa jepesi na safi. Mpango unaosambaza kazi sawasawa kwa miezi 12 umeandikwa na mtu asiyejua chai. Unaofaa hukusanya na kulimbikiza kidogo kidogo wakati wa mvua, wanachama wakibeba tu kilichoko njiani wanaporudi sokoni, kisha huosha na kufunga kwa nguvu kiangazi. Mapato yanashuka mahali ambapo mfuko wa nyumbani umekauka. Hapo shilingi 1,775 inakaribia kuwa 1,775 kweli.

Najua kishawishi kinachofuata. Kila kikundi kinachofika hapa huulizwa kwa nini kisitengeneze kitu chenyewe badala ya kuuza marobota. Mfano unaotajwa ni wa Nzambi Matee, mhandisi wa Nairobi aliyeanzisha Gjenge Makers na kutengeneza vigae vya kutandika uani kwa plastiki na mchanga; mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtaja kuwa mmoja wa vijana mashujaa wa mazingira. Mwingine ni Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018 kwa tani kama 10 za plastiki iliyookotwa, mafundi wakichonga mbao za plastiki kwa ustadi wa babu zao. Kazi zote mbili ni za kuvuliwa kofia. Lakini nyuma ya kila moja kuna mashine za kudhibiti joto na majaribio mengi. Kuyeyusha nailoni kwenye pipa juu ya kuni, kama inavyofanywa mahali pengi, kunarudisha moshi ule ule ambao daftari limejitapa kuuzuia, safari hii katika mapafu ya wanachama. Kilo hizo itabidi zitolewe kwenye zile 441, na sijaona mpango uliozitoa. Kwa nailoni afadhali njia ya Isatou Ceesay wa kijiji cha Njau, Gambia, ambaye tangu mwaka 1997 aliwaongoza wanawake wenzake kuosha mifuko, kuikata nyuzi na kuifuma pochi bila moto wowote. Inakula kilo chache, hilo ni kweli, na mpango uliseme wazi.

Ninachoomba kwa yeyote atakayeombwa kukifadhili, kukikopesha au kukinunulia kikundi kama hiki, huko Sigowet au penginepo, ni kitu kimoja. Usianze na jumla. Omba daftari, fungua mwezi wa mvua, si wa kiangazi, na utafute safu ya makato: maji, PVC, majerikeni ambayo yangeokoka yenyewe, siku za chai zilizoachwa, marobota yaliyokwisha kudaiwa. Ikiwa imejazwa kwa mkono wa mtu aliyejua anachoandika, lipa shilingi 8 zake kwa kilo na usimpunguzie. Ikiwa tupu, mpelekee kwanza karani.